Kwanza Nionyeshe Ulichobeba

Jumatatu asubuhi, katika steshenari moja jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro, nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kutoa kopi aliposimama mlangoni mwanamume wa makamo, bahasha ya kaki kwapani. Hakuingia mara moja. Alizitazama kompyuta nne zilizopangwa ukutani, akawatazama waliokuwa wamekaa mbele yake, ndipo akamsogelea dada wa kaunta. Kwa sauti ya chini akaeleza kwamba yeye ni dereva, amesikia Serikali imetangaza nafasi za Dereva Daraja la II, na ameambiwa maombi hayo hayapokelewi kwa mkono wala kwa posta. Kompyuta hajawahi kuigusa.

Mwenye duka alikuwa akifungua boksi la karatasi. Bila kuinua kichwa akauliza, “Una imeili?”

Dereva akanyamaza. Ukimya wa namna ile nimeushuhudia mara nyingi katika maduka haya. Si kwamba mtu hana jibu. Hata swali lenyewe halijui, na anaona haya kusema hivyo mbele ya watu. Wengi hugeuka na kuondoka hapohapo, wakisema watarudi jioni.

Dada akazunguka kaunta, akavuta kiti, akamkalisha dereva mbele ya kompyuta ya pembeni, yeye mwenyewe akakaa kwenye stuli ubavuni mwake. Hakugusa chochote kwenye mashine. “Karibu kaka,” akasema. “Kwanza nionyeshe ulichobeba.”

Mjadala ulianzia hapo, tukauchangia sote tuliokuwemo. Nauandika kama nilivyousikia.

MWENYE DUKA: Sasa hapo unapoteza muda. Mtu amekuja kuomba kazi mtandaoni, mfungulie akaunti, mjazie, aende. Mimi nina mashine nne na foleni. Nikimfanyia mwenyewe, nusu saa imekwisha. Na yeye ndiye anayetaka afanyiwe. Muulize.

DEREVA: Kweli dada, nifanyie tu. Mimi vitu hivi siviwezi.

MHUDUMU: Nitakufanyia kaka, usiwe na wasiwasi. Ila nikianza na mashine kabla ya bahasha, tunaweza kujaza saa nzima, tukifika mwisho tukakuta karatasi moja haipo. Kuomba kwenyewe ni bure. Serikali haidai hata senti, ujue hilo mapema, asije mtu akakwambia kuna ada ya mfumo. Utakacholipa hapa ni kazi yangu ya kuchapa na kuskani. Sasa toa.

Vikatoka kimoja kimoja juu ya meza: leseni yenye daraja E, cheti cha mafunzo ya udereva, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, barua ya tajiri wake wa zamani, na karatasi ya kidato cha nne ya mwaka 2004, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Tangazo la kazi alikuwa nalo kwenye simu ya mwanawe, picha ya ukurasa wa kwanza tu iliyozunguka WhatsApp. Tarehe ya mwisho haikuwemo. Dada akalitafuta tangazo lenyewe kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, akashuka nalo hadi chini kabisa: mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa.

Kisha akakichukua kile kitambulisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ya dereva ilianza na 19860312. Dada akaiweka sambamba na cheti cha kuzaliwa: 12 Machi 1986. “Hapa uko salama,” akamwambia. “Zingetofautiana, tungeanza na NIDA au RITA kabla ya jambo lolote, maana taarifa zako binafsi zitalinganishwa na za NIDA, na mimi siwezi kuzibadilisha kwa kuchapa.”

Ile karatasi ya 2004 ndiyo iliyomkunjisha uso.

MHUDUMU: Kaka, hii si cheti. Hii ni hati ya matokeo. Cheti chenyewe kiko wapi?

DEREVA: Kiko shuleni, Kilosa. Sikukifuata. Kulikuwa na deni la ada, halafu nikaingia barabarani, ndiyo ikawa basi.

MWENYE DUKA: Weka hiyohiyo. Mfumo unapokea picha yoyote, haujui hati ya matokeo ni nini wala cheti ni nini. Nimeshaweka za watu wengi, zikapita.

MHUDUMU: Zimepita kwenye mfumo, bosi. Kwenye macho ya watu hazikupita. Soma hapa kwenye tangazo: hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazitakubaliwa. Mfumo unapokea faili tu. Anayelifungua faili baadaye ni binadamu, na kazi yake ni kuwatoa wasiotimiza masharti. Mteja anaondoka hapa anafurahi kwamba ombi limekwenda, kumbe limekwenda kukataliwa.

Hapa mwenye duka alikuwa na nusu ya ukweli. Ni kweli mfumo hautagoma. Lakini kukubaliwa na mfumo na kukubaliwa na mwajiri ni mambo mawili, na mteja mgeni hana namna ya kuyatofautisha. Anaona maandishi ya kijani yakisema limetumwa, anaamini yamekwisha. Anayemdanganya hapo si mashine.

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa akichapisha maswali ya masomo yake ya jioni, akaingilia kati. Dada akamwamkia shikamoo, naye akaitikia huku tayari amevuta kiti.

MWALIMU: Mnazungumzia karatasi, mnasahau mtu. Huyu ana siku nne. Badala ya kumfanyia, mfundisheni. Aanze na kuwasha mashine, ajue kibodi, ajue mausi, ajue faili ni nini na linahifadhiwa wapi. Serikali imehamia huko yote. Kila mwaka atarudi kuwalipa ninyi?

MHUDUMU: Mwalimu, siku nne hizo anazihitaji kwenda Kilosa kufuata cheti, arudi, apeleke vivuli kwa wakili vikagongwe mhuri, kisha atafute wadhamini watatu wa kuandikwa kwenye wasifu wake. Nikimweka hapa kumfundisha faili, Ijumaa itamkuta anajua faili na hana ombi.

MWALIMU: Basi utamfanyia yote?

MHUDUMU: Hapana. Kuna mambo manne hayatakiwi kupita mkononi mwangu. Barua pepe yake, neno lake la siri, namba yake ya simu, na kile kitufe cha mwisho cha kutuma. Hayo atayagusa yeye, hata kama kila herufi itachukua dakika. Kuchapa wasifu, kuskani, kupunguza uzito wa faili, hiyo ni kazi yangu na ndiyo ninayolipwa.

Nilimwelewa zaidi nilipoona alivyofanya. Alimwambia dereva aweke mkono juu ya mausi. Mkono ule umezoea gia ya fuso. Uliikamata kama kitu kinachoweza kukimbia. Mshale ukaruka hadi pembeni ya kioo ukapotea. Dereva akainamisha kichwa, akawa anautazama mkono wake, anaisukuma mausi mpaka ikafika ukingoni mwa meza, akaona imekwisha njia, akaacha.

“Kaka, ukiwa unaendesha unatazama usukani au barabara?”

“Barabara.”

“Barabara ni hiyo hapo juu. Mkono uache. Meza ikiisha, inua mausi, irudishe katikati, endelea.”

Akainua macho. Mshale ukayumba, ukatulia, ukafika kwenye kisanduku. Halafu ikaja kazi ya kibodi, ambayo herufi zake hazifuati a, be, che. Jina lake la kwanza alilitafuta kwa kidole kimoja, na kila alipoipata herufi alikaa akiikandamiza kama kengele ya mlango, kwenye kioo zikatokea a tano mfululizo. Dada hakumnyang’anya. Alimwonyesha kitufe cha kufutia, akamwambia, “Gusa, achia.” Alama ya @ akamwonyesha ilipo: shikilia Shift, gusa 2.

Kabla ya kufungua barua pepe yenyewe, alimuuliza swali ambalo nisingelifikiria.

MHUDUMU: Hiyo laini ya simu imesajiliwa kwa jina lako?

DEREVA: Ninayotumia ni ya tajiri wangu wa zamani. Alinipa na gari, gari akachukua, laini akaniachia. Yangu iko nyumbani.

MHUDUMU: Utakuja nayo Alhamisi. Piga *106# ukiwa umeiweka kwenye simu, utaona kama imesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Wakituma namba za uthibitisho zinakwenda kwenye laini. Huyo tajiri akienda kuirudisha laini yake, amekuchukulia na barua pepe.

MWENYE DUKA: Si ungeweka ya kwako tu? Mimi siku zote naweka ya dukani. Namba inakuja hapa hapa, kazi inaendelea.

MHUDUMU: Na ndiyo maana siku hizi ya dukani inakataliwa. Google wakiona namba moja imefungua akaunti nyingi, wanasema imetumika mara nyingi mno. Lakini hilo ni dogo. Mtu akisahau neno la siri, namba za kumrudisha ndani zinakuja kwenye simu ya duka. Mimi nikiwa nimeacha kazi, nikiwa Mwanza, yeye atamfuata nani?

Hapo mama mmoja aliyekuwa akisubiri kuskani vyeti vya binti yake akageuka kwa nguvu.

MAMA: Kwa hiyo mnakiri kwamba hawa wa steshenari ni matapeli!

MHUDUMU: Mama yangu, hatujasema hivyo.

MAMA: Mimi nasema. Mwanangu wa kwanza aliomba mkopo wa chuo. Tulikwenda duka moja, si hili, kijana akatufanyia vizuri kabisa, heshima zote. Kumbe akaunti kaifungua kwa simu yake na neno la siri la kwake. Ombi likaonekana lina kasoro, saini ya mdhamini haisomeki, dirisha la marekebisho likafunguliwa. Tunarudi dukani, kijana hayupo, kahamia migodini. Simu haipatikani. Tukakaa tunaitazama kasoro kwa nje kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake. Dirisha likafungwa.

MWENYE DUKA: Huyo hakuwa tapeli, mama. Alikuwa anawahi foleni kama mimi.

MAMA: Kwangu mimi tofauti yake ni nini?

Hakuna aliyemjibu. Nadhani mama hakuwa ameelewa swali tulilokuwa tukilijadili, na bado aligusa penyewe. Kijana yule hakuiba kitu. Alifanya kazi haraka na kwa adabu, na matokeo yakawa yaleyale ya wizi. Mteja wa mara ya kwanza hawezi kudai kitu ambacho hajui kwamba ni chake, kwa hiyo anayejua ndiye anayepaswa kumwambia, na wakati wa kumwambia ni pale anapokaribishwa, kabla herufi ya kwanza haijachapwa.

Dereva mwenyewe ndiye aliyerudisha maneno kwenye njia.

DEREVA: Samahani. Mimi sielewi kitu kimoja. Hiyo akaunti ya nini tena baadaye? Nikishatuma si watanipigia simu?

MHUDUMU: Hapo ndipo wengi wanapopotelea, kaka. Hawakupigii. Majina ya walioitwa kwenye usaili yanatangazwa kwenye tovuti. Ukiona jina lako, unatakiwa uingie kwenye akaunti yako unakili namba ya mtihani. Tangazo la usaili husema wazi kwamba namba hiyo haitatolewa siku ya usaili. Umefika ukumbini na leseni na kitambulisho, huna namba, utasema nini?

DEREVA: Kwa hiyo neno la siri ni kama namba ya siri ya M-Pesa.

MHUDUMU: Ndiyo hiyohiyo. Ya M-Pesa anaijua nani?

DEREVA: Mimi peke yangu. Hata mke wangu hajui.

MHUDUMU: Basi umeelewa kila kitu.

Aliposema hivyo nilimwona dereva akikaa sawa kitini kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemfafanulia maana ya akaunti. Alikuwa ameshaibeba mfukoni miaka mingi kwa jina jingine.

Walitunga neno la siri pamoja, kwa maana kwamba dada alimpa masharti kisha akageuza uso: lisiwe mwaka wake wa kuzaliwa, lisiwe namba ya simu, liwe maneno mawili au matatu anayoyajua yeye, na tarakimu. Alipoanza kulichapa, vikatokea vidoti. Akasimama, akafuta, akaanza upya, vidoti tena. Alidhani mashine haimwelewi. Dada, uso bado ameugeuza, akamwelekeza abonyeze kijicho kilicho pembeni ya kisanduku ili aone alichoandika, kisha akifunge. Kompyuta ikauliza kama ihifadhi neno hilo. “Popote nje ya nyumbani kwako,” akamwambia, “jibu ni hapana.” Akamkatia kipande cha kadibodi kutoka kwenye boksi la karatasi. Dereva akaandika barua pepe yake upande mmoja na neno la siri upande wa pili, akakiweka ndani ya kifuko cha leseni. Laini yake ya nyumbani wakaiachia nafasi ya Alhamisi. Barua pepe siku ile ilikubali kufunguka bila namba ya simu. Si kila siku inakubali.

Suala lililotugawa zaidi lilikuwa daftari. Chini ya kaunta kulikuwa na daftari kubwa lenye majina ya wateja, barua pepe zao na maneno yao ya siri, miaka mitatu ya kazi.

MWALIMU: Hili lichomwe leo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na daftari lisilo na kufuli silo ulinzi.

MWENYE DUKA: Mwalimu, nikilichoma, wiki ijayo watakuja watu kumi wananililia. Wao wenyewe ndio wanaoniomba niwaandikie. Karatasi yao imelowa, imefuliwa na suruali, mtoto kachana. Mzee mmoja alikuja baada ya miezi minane, ameitwa usaili, hakumbuki chochote. Daftari lilimwokoa. Sheria ingemwokoaje?

MWALIMU: Na atakayeliiba je? Ndani mna NIDA za watu.

MHUDUMU: Namba za NIDA nilishazifuta kwa wino. Barua pepe naona zibaki, maana wengine wanasahau hata hiyo. Maneno ya siri ndiyo sijui. Bosi ana hoja. Mtu mwenye simu yake na laini yake anaweza kujirudisha mwenyewe. Asiye navyo namwambiaje?

Mimi nasimama na mwalimu, ingawa kisa cha yule mzee kinanisumbua mpaka leo. Daftari likishakuwepo, duka halioni haja ya kumkabidhi mteja ufunguo wake, linamzoesha kurudi. Lakini sikumwona hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu kwa mtu asiye na simu, na daftari likabaki chini ya kaunta.

Jambo ambalo mwenye duka alishinda, na nakiri alishinda kwa haki, ni la siku ya mwisho.

MWENYE DUKA: Haya, mmenisema. Sasa aje mtu Ijumaa saa tatu usiku, vyeti vyote anavyo, mfumo unazunguka tu kwa sababu nchi nzima imeingia. Dada, utamfundisha kutazama barabara?

MHUDUMU: Hapana. Usiku huo nachapa mimi. Neno la siri tu ndilo ataandika yeye.

MWENYE DUKA: Ahaa.

MHUDUMU: Ndiyo maana namtaka huyu aje Alhamisi, asije Ijumaa.

Walipomaliza, dada alimwonyesha dereva jinsi ya kutoka kwenye barua pepe yake, akamtaka afanye mwenyewe, kisha aingie tena bila msaada. Mara ya kwanza ilikataa. Alikuwa ameacha nafasi katikati ya jina. Akaitafuta, akaifuta, ikafunguka. Dada akafuta picha za vyeti zilizokuwa zimeskaniwa kwenye mashine ile tangu asubuhi, za dereva na za wateja wengine wawili waliotangulia, akaziondoa hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Mwenye duka akadai shilingi elfu tatu. Dereva akalipa, akauliza mara mbili mabasi ya Kilosa yanasimama upande gani.

Aliondoka bila kutuma ombi lolote. Kwa hesabu ya foleni, dakika hamsini zilikuwa zimekwenda kwa mtu mmoja na kazi haijakamilika, na mwenye duka alilisema hilo kabla mlango haujafungwa. Mimi nahesabu vingine. Kwenye bahasha yake palikuwa na orodha ya vitu vitatu vya kufuata: cheti shuleni, mhuri wa wakili, barua ya maombi ya kusaini kwa mkono wake. Kwenye kifuko cha leseni palikuwa na kile kipande cha kadibodi. Siku ile ilikuwa Jumatatu, na dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Ndugu mhudumu unayesoma haya, kesho atakapokuja mwenye bahasha kwapani, mkalishe yeye mbele ya mashine na wewe ukae pembeni. Swali la imeili linaweza kusubiri dakika kumi.